Besi Haina Maneno

Nina ugomvi na msemo mmoja ambao nimeusikia kwa kila msanii wa barabarani niliyewahi kusimama naye: "Sauti ndiyo biashara." Wanausema waimbaji wa injili stendi, wachekeshaji wa minadani, vijana wa sarakasi na wauza dawa wenye spika ya kuburuta na maiki isiyo na waya. Wanausema kana kwamba hauhitaji ushahidi. Nami nasema ni uongo, tena uongo wenye gharama: unaua betri, unafukuza watu waliokuja kusikiliza, na unampa mgambo sababu ya kubeba spika yako kuipeleka ofisini.

Mfano wangu ni Mbesa, wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni korosho. Msimu wake ukifika pesa huingia vijijini kwa mkupuo, na pesa ikiingia, watu wa burudani hufuata. Ya pili ni kwamba Mbesa ina hospitali ya misheni ambayo wagonjwa huifuata kutoka mbali. Kijiji cha namna hiyo hakimruhusu msanii kusema kwamba jirani ni mtu wa kununa tu. Jirani anaweza kuwa mama aliyejifungua jana na kupangishwa chumba karibu na soko akisubiri nguvu za kurudi kwao.

Nianze na muuza spika, maana uongo unaanzia dukani kwake. Spika nyingi za kuburuta zinazouzwa kwetu zimebandikwa namba kubwa: 3000, 5000, hata 10000, na kando yake herufi PMPO. Mnunuzi anasoma wati elfu tano. Lakini ukifungua mgongo wa spika hiyo, mara nyingi utakuta betri ya risasi na asidi iliyoandikwa 12V 7Ah, ndogo kuliko tofali. Zidisha volti kwa ampea-saa: 12 mara 7 ni 84. Hizo ndizo wati-saa zote zilizomo, betri ikiwa mpya na imejaa kabisa. Kama kweli ingetoa wati elfu tano, ingekwisha ndani ya dakika moja. Ile namba ya PMPO haisemi lolote kuhusu kazi ambayo spika inaweza kuifanya kwa saa nzima. Imewekwa pale ili imvutie mnunuzi.

Na hata hizo 84 si zako zote. Betri ya aina hii ukiikausha kila siku hadi mwisho inakufa mapema sana, kwa hiyo mtu mwenye akili hutumia kama nusu yake na kuirudisha kwenye chaja au sola. Tena ile 7 imepimwa kwa kuitoa betri umeme polepole, kwa saa ishirini. Ukiifyonza kwa pupa inatoa pungufu. Bajeti yako halisi kwa onyesho moja, basi, ni kama wati-saa 40. Swali la msanii si "spika yangu ina nguvu kiasi gani?" Swali ni "hizi 40 nitazitumiaje?"

Mwimbaji niliyefuatana naye Mbesa, mtu mzima kunizidi, alikuwa na spika kama hiyo. Nilimwomba tupachike mita ya fundi kati ya betri na mashine tuone inavyokula. Spika ikiwa imewashwa, haitoi sauti, taa zake za rangi zikizunguka: nusu ampea. Akiimba juu ya biti kwa sauti ya wastani, besi ikiwa imepunguzwa: wastani wa ampea moja na kidogo. Akizungusha sauti hadi karibu na mwisho na kubonyeza kile kitufe cha kuongeza besi: zaidi ya ampea tatu na nusu. Piga hesabu. Kwa nusu ya betri, yaani ampea-saa tatu na nusu, njia ya kwanza inampa kama saa tatu. Ya pili haimpi hata saa moja.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hiyo saa moja watu watakuwa wamejaa."

Hapo ndipo ubishi wenyewe ulipo, na ninataka kuujibu kwa haki, maana mtu anayelisha watoto kwa sarafu za kofiani hastahili kujibiwa kwa kejeli.

Kuna kanuni mbili za sauti ambazo kila mwenye spika angepaswa kufundishwa siku anayoinunua. Ya kwanza: kila unaposogea mara mbili ya umbali kutoka kwenye spika, mahali pa wazi, sauti inashuka kwa desibeli kama 6. Ya pili: ukitaka kuongeza desibeli 3 lazima nguvu iwe mara mbili, ukitaka 6 iwe mara nne, ukitaka 10 iwe mara kumi. Na sikio halikushukuru kwa kiasi hicho. Ongezeko la desibeli 10, ambalo limekula umeme mara kumi, msikilizaji analisikia kama sauti iliyokuwa maradufu tu.

Sasa tuzilete kanuni hizo sokoni. Tuseme umeruhusu duara lako litanuke hadi mtu wa mwisho asimame mita 8 kutoka kwenye spika, na umeweka sauti inayomtosha yeye, mathalani desibeli 75. Mlango wa jirani uko mita sitini na kitu. Tuseme 64 ili hesabu itoke sawa. Kutoka 8 hadi 64 umbali umejirudufu mara tatu, kwa hiyo sauti imeshuka kwa 18 na jirani anapata 57. Usiku wa kijijini, penye utulivu, hiyo ni sauti ya mtu anayezungumza naye chumbani.

Fanya jambo moja tu. Kabla hujaanza kuimba, waite watu. Watoto wakae chini mbele, wa pili wachuchumae, wakubwa wasimame nyuma yao, mtu wa mwisho awe mita 4 kutoka kwenye spika badala ya 8. Yeye bado anapata desibeli 75 zake. Lakini wewe umepunguza sauti kwa 6, yaani spika inafanya kazi kwa robo ya nguvu ya mwanzo, na jirani sasa anapata 51. Hakuna aliyepunjwa. Nusu duara ya mita 4, ukitoa nafasi ya kuchezea, inabeba watu arobaini hadi hamsini waliobanana vizuri. Nimeshuhudia maonyesho mengi ya barabarani, na ni machache sana yaliyowahi kuwa na watu hamsini waliokuwa wanasikiliza kweli. Wale wa mita 20, ambao msanii anachoma betri yake kuwafikia, wako wananunua nyanya. Hawatatoa hata mia.

Tena aliyekaa karibu anatoa. Kofia ikipita mbele ya mtu aliye mita tatu na uso wako, anaona haya kuiruka. Aliye ng'ambo ya barabara hana haya yoyote, kwa sababu kofia haimfikii. Sauti kubwa inamruhusu msikilizaji asisogee, na asiyesogea halipi. Ndiyo maana nasema sauti kubwa inaharibu biashara inayodai kuileta.

Nafika kwenye besi, ambayo ndiyo mshitakiwa wangu mkuu.

Nyuma ya eneo tulilosimama palikuwa na nyumba ya bibi mmoja. Baada ya onyesho la kwanza nilikwenda kumsalimia na kumwuliza kama tumemsumbua. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akasema: "Mjukuu wangu, wimbo wenu sijausikia hata neno moja. Nimesikia mtu anatwanga tu."

Sijawahi kusoma maelezo ya fizikia ya besi yaliyo sahihi kuliko hayo. Mawimbi ya sauti nzito ni marefu. Sauti ya hezi 80, ile ya teke la ngoma kwenye biti, ina wimbi la mita nne na zaidi. Kiboksi cha spika chenye urefu wa nusu mita hakiwezi kulielekeza wimbi hilo popote. Linamwagika mbele, nyuma na pembeni kwa usawa, na linapenya ukutani. Sauti ya juu ya hezi 3000 ina wimbi la sentimita kama 11. Hiyo inakwenda mbele kama mwanga wa tochi, na inazuiwa na miili ya watu na mlango. Na humo kwenye sauti za juu ndimo maneno yanamoishi: zile s, t, k na ch zinazomfanya mtu atofautishe "kata" na "kaka". Besi haina maneno. Kwa hiyo mtu aliye mbele yako, amezibwa na mabega ya wenzake, anakosa maneno. Na bibi aliye nyuma ya ukuta, ambaye hakualikwa, anapata kutwanga.

Na ni hiyo hiyo besi inayokula betri. Kwenye biti za singeli, bongo fleva au hata kwaya yenye kinanda, sehemu kubwa ya nguvu inakwenda kwenye sauti nzito. Ukipandisha besi kwa desibeli 6 kwenye ekolaiza, umeiambia mashine itoe nguvu mara nne katika eneo hilo ambalo halina neno hata moja. Dalili ya kwamba betri imeelemewa huhitaji mita kuiona: taa za spika zinafifia kila ngoma inapopigwa. Hapo volti inaporomoka kwa kila teke. Kinachofuata ni sauti kukwaruza, kisha spika inajizima na kujiwasha yenyewe katikati ya ubeti, au kipokezi cha maiki kinakatika. Msanii anailaumu maiki na kununua nyingine. Maiki haikuwa na kosa.

Tulizima kitufe cha besi, tukashusha besi ya ekolaiza chini ya katikati, tukazima taa. Kisha tukaiinua spika. Ilikuwa imekaa chini, jinsi karibu kila mtu anavyoiweka, ikiimbia magoti ya mstari wa mbele. Spika iliyo chini inapoteza zile sauti za juu kwenye miguu ya watu, walio nyuma wanasikia uvumi mzito, wanapaza sauti "hatusikii!", na msanii anaongeza sauti, yaani anaongeza kile kisichowasaidia. Tulikopa meza ya muuza vitumbua, tukaweka kreti ya soda juu yake, spika ikafika juu ya vichwa vya watu. Tukaigeuza impe mgongo upande wa bibi na uso uwanja wa wazi. Nyuma walisikia maneno. Sauti haikuongezwa hata kidogo.

Kikabaki kitu kimoja kinachowafanya wasanii wachanganyikiwe na sauti: ule mluzi wa maiki. Mluzi unatokea maiki inapousikia mlio wa spika na kuurudisha kwenye mashine, ukazunguka. Mkao wa kwanza wa kuuzuia unajulikana: spika iwe mbele yako, wewe uwe nyuma yake, maiki isiitazame. Lakini mkono ndio unaoharibu. Vijana wengi hufumba kichwa cha maiki kwa kiganja, kwa sababu wameona wasanii wakubwa wakifanya hivyo. Maiki ya kushika imetengenezwa isikie zaidi mbele kuliko nyuma, na inafanya hivyo kwa msaada wa matundu yaliyo chini ya ile kofia ya waya. Ukiyaziba inasikia kila upande, na mluzi unaanza. Ukiishika kitako nako, maiki nyingi zisizo na waya zina antena humo, utakata mawimbi. Shika katikati. Na isogeze mdomoni: ukiitoa kutoka sentimita 20 hadi 5, sauti yako inaingia ikiwa juu kwa desibeli kama 12, bila upepo na kelele za soko kupanda nayo. Basi unaweza kuishusha maiki kwenye mashine, mluzi unakufa, na maneno yanasimama juu ya biti bila kugombana nayo.

Onyesho la pili lilikwenda saa mbili na nusu. Tulipoiacha betri ipumzike kidogo na kuipima, ilisoma volti 12.3. Betri ya namna hii ikijaa husoma kama 12.7, na ikifika 12.2 ujue nusu imekwisha. Hapo ndipo pa kuacha. Nilirudi kwa bibi. Kutwanga alikuwa bado anakusikia, akasema, lakini kwa mbali, "kama kwa jirani." Hayo ndiyo matokeo, na siyatii chumvi: hakupata ukimya. Spika sokoni haiwezi kumpa bibi ukimya. Inaweza kumpa nafasi ya kulala saa inapostahili, na hilo linahitaji saa ya kuzima, si ekolaiza.

Najua nitakavyojibiwa na wanaojiita walinzi wa utamaduni: ngoma zetu zilikuwa na kelele tangu zamani, mbona hatukuwahi kupimwa desibeli? Kweli, lizombe ya Wangoni ikichezwa inasikika mbali. Lakini ngoma ina mpigaji, na mpigaji ana mikono inayochoka. Ngoma ina siku yake, ina mwenyeji, na aliyeisikia alijua ni ya nani na kwa nini inapigwa. Spika yenye kadi ya kumbukumbu haichoki wala haina mwenyeji. Anayeifananisha na ngoma ameusahau ule mkataba uliokuwa unaizunguka.

Jibu jingine lina uzito zaidi: mbona duka la simu pale mbele lina spika mbili kubwa zinazotumia umeme wa nyaya, na mhubiri ana jenereta? Nikipunguza mimi, nitamezwa. Ni kweli utamezwa, na ukiongeza pia utamezwa, ila utakuwa umemaliza betri kwanza. Betri ya ampea saba haishindani na jenereta. Silaha pekee ya mnyonge katika vita hiyo ni umbali: ondoka mbele ya duka la simu, sogea mita mia, jikunje kwenye kona yenye kivuli, ukusanye hamsini zako.

Nimeacha wenye mamlaka mwisho, lakini sikuwasahau. Katika soko moja la mkoa huu nimeona mgambo wakibeba spika ya kijana aliyekuwa akiimba saa nane mchana, huku spika za maduka zikiendelea. Hawakumwambia apunguze. Walibeba. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo. Kanuni hizo zinatenganisha mchana na usiku, na zinatenganisha hospitali na makazi, na makazi na viwanda. Maana yake zimekubali kwamba kelele ni suala la kiasi, mahali na saa. Kubeba spika bila kuuliza hata moja kati ya hayo matatu hakulindi jirani yeyote. Kunamfundisha kijana kwamba kupunguza sauti hakuna faida, maana mwenye sauti ndogo na mwenye sauti kubwa wanabebewa sawa.

Basi ninachodai ni kidogo na kinaweza kuandikwa kwenye nusu ukurasa, kikapigiwa muhuri na serikali ya kijiji. Msanii apewe eneo, na mgongo wa spika uelekee nyumba za karibu. Apewe saa ya kuanza na ya kuzima, na isiwe ya kubahatisha. Besi iwe chini ya katikati. Na kama jirani akilalamika, mtendaji asije na mgambo. Aje peke yake, asimame mlangoni pa mlalamikaji kwa muda wa wimbo mmoja, na asikilize kama yule bibi. Kama anasikia kutwanga bila maneno, amwambie msanii ashushe besi. Kama anasikia maneno yote hadi ya mwisho, amwambie ashushe sauti. Kama kuna ulazima wa simu yenye programu ya kupima kelele, itumike kulinganisha kabla na baada, isitumike kama hakimu, kwa sababu simu mbili zilizowekwa pamoja zinaweza kutoa namba mbili.

Na msanii naye, siku ya kwanza ya soko, kabla hajafungua mdomo, aiache spika ikipiga na aende mwenyewe hadi mlango huo. Ni hatua themanini hivi. Anayekataa kuzitembea asituambie kwamba anaimba kwa ajili ya watu.